Mtu wa Nne Kwenye Nyumba ya Kupanga

Ujumbe wa mwenye nyumba kumuuliza mpangaji kama kuna mtu mwingine anayeishi humo ndani ni maandishi mafupi yenye kazi ngumu. Unaandikwa wakati mwandishi hana uhakika, unapelekwa kwa mtu aliyekwisha kulipa kodi yake, na unagusa mambo ya ndani ya nyumba ambayo hakuna anayependa kuulizwa: ndugu, mchumba, mtoto wa dada aliyekuja kusoma. Ukiandikwa vibaya, swali dogo linageuka kuwa ugomvi wa nyumba nzima. Ukiandikwa vizuri, mara nyingi jambo linamalizika ndani ya wiki moja kwa karatasi moja ya nyongeza.

Katika miji ya Tanzania uzito wa ujumbe huu unatokana kwanza na mkataba wenyewe. Sheria maalumu ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo hakuna chombo kinachopanga kodi ya chumba. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, yenye sehemu inayohusu upangishaji, pamoja na yale ambayo pande mbili zimeandikiana. Sheria hiyo inaruhusu hata makubaliano ya mdomo pale upangishaji unapokuwa wa mwaka mmoja au chini yake. Ndiyo maana wapangaji wengi wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha wanaishi kwa karatasi ya kurasa mbili iliyonunuliwa dukani, au kwa neno la dalali tu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, mwenye nyumba anapaswa kutoa mkataba kabatini na kuusoma. Swali ni moja: je, idadi ya wakazi imetajwa? Kama kipengele kinasema nyumba itakaliwa na watu watatu na kuwa anayeongezeka aongezwe kwa makubaliano ya maandishi, ujumbe unaweza kusimama juu ya kipengele hicho. Kama mkataba hausemi kitu, mwenye nyumba anabaki na ombi la kistaarabu wala si dai, na ni haki aandike kama anayeomba. Wengi huruka hatua hii. Wanaandika kwa nguvu ya sharti lililomo kichwani mwao tu, kisha wanashangaa mpangaji anapowajibu kwamba hakuna mahali walipokubaliana hivyo.

Jambo la pili ni kujua ni mtu wa aina gani anayeshukiwa, kwa sababu watu wanaoonekana kufanana mlangoni hawafanani mbele ya mkataba. Mgeni ana kwao. Anakuja na begi, anakaa siku kadhaa au wiki kadhaa, na anaondoka nalo. Mkazi wa ziada ameingia katika kaya: ana ufunguo wake, anatoka asubuhi kwenda kazini au chuoni na kurudi jioni, nguo zake zimo kabatini, lakini halipi kodi kwa mtu yeyote. Wa tatu ni yule anayempa mpangaji fedha kila mwezi na kupewa chumba. Huyo kapangishwa na mpangaji, na hapo ndipo sheria inapoingia moja kwa moja. Sheria ya Ardhi inahesabu kuwa kila mpangaji ameahidi kutompangishia mtu mwingine wala kumwachia nyumba bila ridhaa ya mwenye nyumba, ingawa inamzuia mwenye nyumba naye asikatae bila sababu ya maana. Kupangisha kwa usiku mmoja mmoja kupitia mitandao ya wasafiri kunaingia kundi hilo hilo, hata kama wanaolala hubadilika kila wikendi.

Idadi ya siku peke yake haitenganishi makundi haya. Mama mzazi aliyetoka kijijini kuja hospitali anaweza kukaa miezi miwili akiwa bado mgeni, na mtu anaweza kuwa mpangaji wa mpangaji tangu usiku wake wa kwanza. Dalili zinazosaidia zaidi ni ufunguo, fedha na kwao: nani ana ufunguo, nani anamlipa nani, na je, mtu huyo ana mahali pengine pa kurudi. Wapo pia wale ambao mikataba mingi huwasahau. Dada wa kazi analala humo kila siku, lakini ni nadra kuhesabiwa wakati wa kuandika idadi. Mtoto anayezaliwa katikati ya mkataba anaongeza idadi bila mtu yeyote kuvunja ahadi. Mwenye nyumba anayemwandikia mama mwenye kichanga kuhusu watu kuzidi anajitafutia fedheha, na hakuna baraza litakalomsikiliza kwa wema.

Kinachowasukuma wenye nyumba wengi kuandika si udadisi, ni gharama. Katika nyumba zenye mita moja ya LUKU kwa vyumba vingi, umeme huchangwa kwa chumba au kwa kichwa, na mtu mmoja asiyetajwa anakula michango ya majirani wote. Ndiyo sababu malalamiko ya kwanza mara nyingi hutoka kwa wapangaji wenzake, kabla hata mwenye nyumba hajaona kitu. Shimo la maji taka nalo hujaa mapema, na gari la kunyonya hulipwa na mwenye nyumba au kwa mchango wa wote. Yapo pia mambo ya usalama. Viongozi wa serikali za mitaa huwataka wenye nyumba wajue wanaolala katika nyumba zao, na likitokea tukio, wa kwanza kuulizwa ni mwenye nyumba.

Hata hivyo gharama inayopanda si ushahidi wa mtu aliyeongezeka, na hapa makosa mengi hutokea. Tuseme nyumba moja ya ghorofa huko Tabata ina familia nne, kila moja na mita yake ndogo ya maji. Familia ya watu watatu imekuwa ikitumia uniti 9 kwa mwezi. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo ni lita 9,000 kwa mwezi, lita 300 kwa siku, au lita 100 kwa kila mtu. Mwezi wa Juni mita inaonyesha uniti 12. Ongezeko la lita 3,000 linalingana sawasawa na mtu wa nne, na mwenye nyumba anaona kesi imekwisha. Lakini lita 3,000 kwa mwezi ni lita 100 kwa siku, yaani lita nne na kidogo kwa saa. Tenki la choo ambalo mpira wake umechakaa linaweza kuvujisha kiasi hicho bila kelele inayosikika, mchana na usiku.

Njia ya kutofautisha ni rahisi na haihitaji kumshuku mtu yeyote. Usiku, watu wanapokwenda kulala, bomba zote zinafungwa na namba za mita zinaandikwa pamoja na zile ndogo za mwisho zinazoonyesha lita. Alfajiri, kabla mtu hajafungua bomba wala kuvuta maji chooni, mita inasomwa tena. Kwa saa nane za usiku, uvujaji wa kiasi hicho utaonyesha lita thelathini na kitu. Kama namba hazikusogea hata kidogo, maji yanatumiwa na watu, iwe ni mtu mpya au ni wale wale waliobadili matumizi. Mwenye nyumba akiomba kipimo hiki kifanyike, anaonyesha kwamba anatafuta ukweli, na mpangaji naye ana faida, kwani uvujaji unalipwa na mfuko wake.

Alichokiona mwenye nyumba kwa macho yake kina uzito zaidi ya alichoambiwa. Tuseme katika nyumba hiyo ya Tabata, mzee mwenye nyumba anaishi chini, na tangu mapema Juni anamwona kijana mmoja akipanda ngazi jioni na kufungua mlango kwa ufunguo. Hilo linatosha kuuliza. Halitoshi kuhukumu, na wala halimpi ruhusa ya kuingia ndani mpangaji akiwa kazini ili ahesabu magodoro. Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani bila kuingiliwa, na inamruhusu kuingia kukagua hali ya jengo kwa saa zinazofaa na baada ya kutoa taarifa. Ukaguzi huo ni wa kuta, paa na mabomba. Ukigeuzwa kuwa msako wa watu, mpangaji atauona, na tangu siku hiyo hatafungua mlango kwa moyo mweupe.

Ujumbe unaoandikwa kwa hasira katika hali kama hii huwa hivi: “Nimesikia umejaza watu humo ndani. Nyumba yangu si gesti. Mwisho wa mwezi wawe wameondoka, la sivyo utoke na wewe.” Kila sentensi hapo ina kasoro. Neno nimesikia linamfanya mpangaji aanze kutafuta ni jirani gani aliyepeleka maneno, na uhasama wa ngazini unaanza usiku ule ule. Umejaza watu ni hukumu juu ya kijana mmoja. Kauli ya gesti inamgusa mama wa nyumba heshima yake. Na tishio la mwisho halitekelezeki: kama kodi imelipwa kwa miezi 12 tangu Machi, mpangaji hawezi kutolewa Julai kwa meseji ya usiku mmoja, naye analijua hilo. Kubwa zaidi, katika ujumbe wote hakuna swali. Mpangaji hajaombwa aeleze chochote, hivyo atanyamaza au atajibu kwa ukali.

Ujumbe mzuri unatenganisha mambo manne: mkataba unasema nini, kimeonekana nini, kinaulizwa nini, na jibu linahitajika lini. Kwa mzee wa Tabata unaweza kuwa hivi:

“Habari za jioni, mama. Natumaini nyote hamjambo. Nakuandikia kuhusu kipengele cha 6 cha mkataba wetu wa tarehe 1 Machi, kinachosema nyumba itakaliwa na watu watatu, na anayeongezeka aongezwe kwa makubaliano ya maandishi. Tangu mapema Juni nimekuwa nikimwona kijana mmoja anaingia jioni akiwa na ufunguo, na mita yenu ya maji imetoka uniti 9 hadi 12. Huenda ni mgeni tu, na huenda maji yanavuja mahali. Fundi anaweza kuja kuangalia siku mtakayopenda. Naomba unijulishe kama kuna mtu mwingine anayeishi hapo, amekuja lini, na anategemea kukaa mpaka lini. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya Jumamosi tarehe 19 Julai. Kama atakaa, tutazungumza namna ya kumwandika. Ujumbe huu si notisi ya kuhama.”

Sentensi ya mwisho inaweza kuonekana ya ziada, lakini ndiyo inayomwezesha mpangaji kusema kweli. Anayeogopa kutupiwa vyombo nje atasema kijana alipita tu kusalimia, na uongo mdogo wa siku hiyo utaharibu mazungumzo yote yanayofuata. Kutaja njia mbili zinazowezekana, mgeni au uvujaji, kunafanya kazi hiyo hiyo. Tarehe ya jibu nayo ina maana yake. Siku saba hadi kumi zinatosha kwa mtu kuzungumza na mwenzake nyumbani, ilhali “haraka iwezekanavyo” haimfungi mtu yeyote.

Maswali matatu yaliyoulizwa ndiyo mwenye nyumba anayoyahitaji kweli. Si lazima ajue kijana ana uhusiano gani na binti wa jirani, analala chumba gani, wala kwa nini hakupanga kwake. Kuomba nakala ya kitambulisho cha NIDA katika ujumbe wa kwanza ni kukimbilia mbele, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisizidi lengo hilo. Kwa sababu hiyo hiyo ujumbe huu hauwekwi kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji wote, hata pale kundi hilo ndilo linalotumika kwa michango ya maji na taka. Unapelekwa kwenye simu ya mtu aliyesaini mkataba, kwa jina lake. Na pande zote mbili zinafaa kuutunza, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokewa kama ushahidi.

Jibu la mpangaji likiwa la uwazi, huwa fupi: “Shikamoo baba. Ujumbe nimeupata. Ni kweli, ni mdogo wangu, amekuja tarehe 3 Juni kwa mafunzo kwa vitendo, na anarudi chuoni mwishoni mwa Septemba. Halipi chochote, anakaa kwangu kama ndugu. Nisamehe sikukuambia mapema. Fundi aje Jumapili, maana tenki la choo hata mimi nimelitilia shaka.” Ndani ya maneno hayo machache mwenye nyumba amepata yote aliyohitaji. Mtu huyo si mgeni wa siku mbili wala si mpangaji wa mpangaji, ni mkazi wa ziada kwa muda unaojulikana.

Kinachofuata ni nyongeza ya mkataba, nusu ukurasa, yenye jina la kijana, tarehe aliyoingia, tarehe ya mwisho wa kukaa, na maelezo kwamba anakaa kwa idhini ya mpangaji, kwamba mpangaji anawajibika kwa uharibifu wowote atakaoufanya, na kwamba haki yake ya kukaa inakoma pale mkataba wa mpangaji unapokoma. Pande mbili zinasaini, kila mmoja anabaki na nakala, na mwenyekiti wa mtaa anaarifiwa kama kawaida ya mtaa inavyotaka. Maelezo ya mwisho ndiyo yanayomlinda mwenye nyumba. Bila hayo, mpangaji anaweza kuhama na kumwacha ndugu yake ndani. Mwenye nyumba akianza kupokea kodi kutoka kwa huyo aliyebaki, hata kwa mwezi mmoja na bila karatasi, anaweza kuwa amejipatia mpangaji mpya wa mwezi kwa mwezi asiyemtaka, ambaye lazima apewe notisi yake mwenyewe.

Swali la kuongeza kodi linazuka kila mara, na jibu lake limo katika mita. Pale kila familia inapolipia maji na umeme wake, mtu wa nne tayari analipiwa anachotumia, na mwenye nyumba hana hasara kubwa zaidi ya shimo la maji taka. Kutoza faini ambayo haikuandikwa kwenye mkataba hakuna msingi wowote. Pale michango inapogawanywa kwa kichwa, ni haki kaya ihesabiwe watu wanne kuanzia siku kijana alipoingia, na majirani wataona haki imetendeka. Kama mtu huyo ni mpangaji wa mpangaji, mazungumzo yanabadilika kabisa: mwenye nyumba anaweza kukubali kwa maandishi na kuweka masharti, au kumtaka mpangaji asitishe mpango huo. Shirika la Nyumba la Taifa limekuwa likipambana na tatizo hili kwa miaka mingi katika majengo yake, ambako baadhi ya waliopewa nyumba waliwapangishia wengine kwa bei ya juu zaidi. Kwa mmiliki wa nyumba moja, kinachouma ni kuwa na mtu ndani ya nyumba yake ambaye hamjui na hana makubaliano naye.

Tarehe ikipita bila jibu, ujumbe wa pili haurudii wa kwanza. Unaandikwa kwenye karatasi kama notisi, unataja kipengele kilichovunjwa, kinachotakiwa kufanywa ili kurekebisha, na muda wa kufanya hivyo, kisha unakabidhiwa mkononi mbele ya shahidi. Ukipuuzwa, njia ni Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 linapatanisha na halitoi hukumu, na usuluhishi ukishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi hadi ushuru ulipwe, na wenye nyumba wengi hulijua hilo wakiwa wamekwisha kusimama mbele ya meza.

Kuna njia za mkato ambazo wenye nyumba huzitumia badala ya hizo: kung'oa swichi kuu ya umeme iliyoko nje, kufunga valvu ya maji, kuweka kufuli lao juu ya mlango. Zote zinavunja ahadi ya kumwacha mpangaji akae kwa amani, na zinambadilisha mlalamikaji kuwa mlalamikiwa. Mpangaji aliyekuwa na kosa la kutomwandikisha ndugu yake anafika barazani akiwa na picha za mlango uliofungwa kwa kufuli na chakula kilichoharibika kwenye friji, na habari ya mtu wa nne haizungumzwi tena. Kukaa kimya muda mrefu nako kuna gharama. Mwenye nyumba aliyejua tangu Juni, akapokea kodi ya mkataba mpya Machi bila kusema neno, atapata shida kueleza kwa nini jambo hilo limekuwa kosa mwezi wa Mei.

Wakati wa kuongeza mkataba ndio wakati mzuri wa kurekebisha kipengele chenyewe, kwa kuwa kodi ya mbele haijalipwa na pande zote mbili ziko huru kuzungumza. Kipengele kinachofaa kinataja wakazi kwa majina badala ya idadi tu, kinamweka dada wa kazi bayana, kinasema watoto watakaozaliwa hawahesabiki, na kinampa mgeni muda wa kukaa bila kuuliza, mathulani siku 30 mfululizo, zikizidi mpangaji atoe taarifa kwa ujumbe wa simu. Kinasema pia taarifa hiyo itajibiwa ndani ya siku ngapi, na kwamba ukimya wa mwenye nyumba baada ya siku hizo utahesabiwa kuwa ni ridhaa.